Kwa nini hakuna sehemu inayoweza kuwa kipeuo cha pili cha 2

Tafuta karatasi mbili za A4, zile zinazotumika kutolea fotokopi. Ya kwanza ikunje kwenye kona, mpaka ukingo wake mfupi ulale sawasawa juu ya ukingo mrefu. Mkunjo utakaotokea ni mstari unaokata mraba kutoka kona moja hadi kona ya pili. Sasa uweke mkunjo huo kando ya ukingo mrefu wa karatasi ya pili. Vinalingana. Hata ukikodoa macho, hutaona tofauti.

Upana wa A4 ni milimita 210, kwa hiyo mraba uliopatikana una upande wa milimita 210. Kwa kanuni ya Pithagora, ukizidisha urefu wa mkunjo kwa wenyewe unapata 210² + 210², yaani mara mbili ya 210². Mkunjo basi ni 210 mara √2. Nao ukingo mrefu wa A4 ni milimita 297. Kama kweli vinalingana, √2 ni 297/210, na ukigawa juu na chini kwa 3 unabaki na 99/70.

Tuhakiki kwa kalamu. 99 × 99 ni 9801. 70 × 70 ni 4900, na mara mbili yake ni 9800. Tumekosa kwa moja! Kwenye karatasi kosa hilo ni chini ya sehemu mbili za mia za milimita moja, dogo kuliko unene wa karatasi yenyewe, ndiyo maana jicho halikuliona. Lakini hesabu imeliona.

Basi tutafute sehemu nyingine iliyo bora zaidi. Ipo njia rahisi ya kuzipata. Anza na 3/2. Asili mpya, yaani namba ya chini, ni jumla ya namba ya juu na ya chini. Kiasi kipya, yaani namba ya juu, ni ile ya juu ukijumlisha ya chini mara mbili. Kutoka 3/2 unapata 7/5, kisha 17/12, 41/29, 99/70, 239/169, na unaweza kuendelea hadi daftari liishe. Angalia kinachotokea kila ukihakiki: 49 dhidi ya 50, 289 dhidi ya 288, 1681 dhidi ya 1682, 9801 dhidi ya 9800, 57121 dhidi ya 57122. Mara tumezidisha moja, mara tumepunguza moja. Hatujagonga hata mara moja.

Hapo ndipo swali linapoanza kuuma. Je, tumekosa bahati tu, na sehemu sahihi inatusubiri huko mbele, labda yenye tarakimu milioni moja juu na milioni moja chini? Huwezi kujibu kwa kuendelea kujaribu. Ukijaribu sehemu bilioni moja na zote zikashindwa, bado zimebaki nyingine zisizo na hesabu. Kikokotoo nacho hakisaidii. Kitaandika 1.414213562 na kunyamaza, lakini namba hiyo haiwezi kuwa jibu kamili, kwa sababu tarakimu yake ya mwisho ni 2, na ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe, tarakimu ya mwisho itakuwa 4. Haiwezi kutoka 2 kamili yenye sifuri tupu baada ya nukta.

Tunahitaji hoja moja itakayozifunga sehemu zote kwa mpigo. Hoja hiyo inaitwa uthibitisho kwa ukinzani, na namna yake ya kufikiri unaitumia kila siku. Umeamka asubuhi, mtu anakwambia mvua ilinyesha usiku kucha. Unamjibu: kama ingenyesha, uani kungekuwa na matope, uani kuna vumbi, basi haikunyesha. Ulilikubali dai lake kwa muda, ukalifuata hadi linakofika, na lilipogongana na jambo lisilopingika, ukalikataa.

Tufanye vivyo hivyo. Tukubali kwa muda kwamba ipo sehemu inayolingana na √2. Tuiite a/b, ambapo a na b ni namba nzima. Kila sehemu inaweza kurahisishwa mpaka isirahisishike tena, kwa hiyo tuichukue ikiwa tayari imerahisishwa hadi mwisho. Liandike sharti hili pembeni ya daftari na ulizungushie duara: hakuna namba, isipokuwa 1, inayogawa a na b zote mbili bila baki. Wanafunzi wengi hulipita haraka kwa kudhani ni mapambo, kumbe ndilo litakalogongwa.

Kama a/b ni √2, basi a² gawa kwa b² ni 2, yaani

a² = 2b²

Upande wa kulia ni mara mbili ya namba nzima, kwa hiyo ni shufwa. Basi a² ni shufwa. Je, a yenyewe ni shufwa? Wengi husema ndiyo kwa mazoea, lakini hatua hii ina sababu yake na inafaa uione. Tuseme a ni witiri. Witiri yoyote ni shufwa ukiongeza moja, yaani 2m + 1. Izidishe kwa yenyewe upate 4m² + 4m + 1. Vipande viwili vya mwanzo ni shufwa, kisha imeongezwa moja, kwa hiyo jibu ni witiri. Witiri ikizidishwa kwa yenyewe huzaa witiri daima. Kwa kuwa a² yetu ni shufwa, a haiwezi kuwa witiri. Ni shufwa.

Kama a ni shufwa, ni mara mbili ya namba fulani nzima. Tuiite k, ili a = 2k. Iweke kwenye mlinganyo wetu: 4k² = 2b². Gawa pande zote kwa 2:

b² = 2k²

Tulia uutazame mlinganyo huu. Una sura ileile ya ule wa kwanza, ila sasa ni b iliyokaa mahali pa a. Kwa sababu zilezile, b² ni shufwa, na b pia ni shufwa.

Kwa hiyo a ni shufwa na b ni shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2. Lakini pembeni ya daftari, ndani ya duara, tumeandika kwamba hakuna kinachozigawa zote mbili isipokuwa 1. Mambo haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kila hatua ya katikati ilikuwa halali, kwa hiyo kosa liko kwenye lile tulilokubali mwanzoni, kwamba sehemu hiyo ipo. Haipo. √2 si namba wiano.

Swali ninalolipenda kuliko yote nililiulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu: "Mwalimu, kama zote ni shufwa, si tuirahisishe tu kwa 2 tuendelee?" Ni swali zuri, na jibu lake linaufungua uthibitisho kwa mlango wa pili. Sawa, irahisishe. Sehemu mpya bado ni √2, kwa hiyo hoja ileile inaishika, na juu na chini zinatoka shufwa tena. Rahisisha tena, shufwa tena. Ungelazimika kugawa a kwa 2 bila kikomo na kila mara upate namba nzima iliyo shufwa. Chukua namba yoyote nzima, tuseme 96, uigawe hivyo: 48, 24, 12, 6, 3. Imekwama. Kila namba nzima kubwa kuliko sifuri hukwama mahali fulani. Namba ya kugawika milele haipo, na bila hiyo sehemu yetu haipo.

Hoja hii ni ya kale sana. Aristoteli, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliitaja kama mfano ambao wasomaji wake wanaujua tayari: kama upande wa mraba na mstari wake wa kona hadi kona vingepimika kwa kipimo kimoja, witiri ingekuwa sawa na shufwa. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, mtu wa Babeli alichora mraba kwenye kigae cha udongo, ambacho leo kiko Chuo Kikuu cha Yale, akaandika juu yake thamani ya √2 iliyokosea kwa chini ya sehemu moja ya milioni. Thamani yake ilikuwa nzuri ajabu, lakini ilikuwa makadirio, kama 99/70 yetu.

Sasa nakupa jaribio ambalo mimi hulitumia kupima kama mtu ameuelewa uthibitisho au ameukariri. Badilisha 2 uweke 4. Tunajua √4 ni 2, namba nzima kabisa, kwa hiyo uthibitisho ni lazima ukwame mahali. Ni wapi? Anza: a² = 4b². Basi a² inagawanyika kwa 4. Aliyekariri ataendelea kwa kasi, "kwa hiyo a inagawanyika kwa 4", na punde atakuwa amethibitisha kwamba √4 si namba wiano, jambo la uongo. Tazama 6² = 36: 36 inagawanyika kwa 4, lakini 6 haigawanyiki. Tunachoruhusiwa kusema ni kwamba a ni shufwa tu. Weka a = 2k, upate 4k² = 4b², yaani k² = b². Hakuna mgongano wowote. Mlinganyo unatuambia kwamba k na b ni sawa, na a/b ni 2, kama tulivyojua.

Ukiweka 3, hoja inasimama tena, kwa sababu a² ikigawanyika kwa 3, hata a hugawanyika kwa 3. Ijaribu mwenyewe kwa 3m + 1 na 3m + 2, kama tulivyofanya kwa 2m + 1.

Turudi kwenye karatasi. Umbo la A4 lilichaguliwa ili ukiikata katikati upate A5 yenye umbo lilelile, dogo tu. Ili hilo litimie kikamilifu, urefu gawa kwa upana lazima uwe √2. Lakini vipimo vya karatasi huandikwa kwa milimita nzima, na milimita nzima kwa milimita nzima ni sehemu. Nusu ya 297 ni 148.5, kwenye A5 imeandikwa 148. Watengenezaji wa karatasi wanaiacha nusu milimita hiyo iende, kwa kuwa hakuna jozi ya namba nzima, hata uchague kipimo kidogo kiasi gani, ambayo ingewaepusha na kukadiria.