Bili ya umeme ya wapangaji: elfu 48 imetokea wapi?

Nafunga sabmita, zile mita ndogo za kila chumba, kwenye nyumba za kupanga huku Nyakato na Igoma, Mwanza, na ugomvi wa wapangaji na mwenye nyumba mara nyingi uko kwenye kujumlisha, mita yenyewe haina shida.

Chukua hii. Nyumba ina LUKU moja ya D1, yaani bei ya watumiaji wadogo wa nyumbani, na wapangaji watatu, mwezi wamekula uniti 110, mwenye nyumba kawaandikia 48,800. Kwanza angalia risiti: ile gharama ya umeme kabla ya kodi gawanya kwa uniti, ukipata 100 au 350 hiyo ni D1, ukipata 292 ni T1, bei ya matumizi ya kawaida, na huko hakuna ngazi, bei ni moja tu. Risiti iliyovuka ngazi itakupa namba ya katikati, usishtuke, tafuta ya mwanzo wa mwezi.

Kwa D1 uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, yaani 7,500. Zilizobaki 35 ndo zinakula 350, yaani 12,250. Jumla 19,750. Hapo weka VAT 18%, tozo ya umeme vijijini ya REA 3% na ya mdhibiti EWURA 1%, zote zinapigwa kwenye hiyo hiyo 19,750, haipandi moja juu ya nyingine, kwahiyo ni 22% ambayo ni 4,345, unafika 24,095. Mwisho kabisa ongeza kodi ya jengo 1,500 ya nyumba ya kawaida. Bili ni 25,595.

Sasa 48,800 imezidi kwa 23,205, na hiyo namba inasema yenyewe. Mzee mwenye nyumba kapiga uniti zote 110 kwa 350 eti kwa sababu wamevuka 75, wakati kuvuka hakurudi nyuma kugusa zile za mwanzo, hapo kazidisha 22,875. Halafu ile 1,500 kaijumlisha kabla ya kupiga 22%, kodi ikatozwa kodi, ndo 330 iliyobaki. Ukikuta bili yenu ya D1 imezidi 330 kamili mjue ni hiyo.

Kugawana, mi nagawanya 24,095 kwa 110, inakuja kama 219 kwa uniti, maana huwezi kusema uniti za bei rahisi ni za nani. Dada wa chumba cha mbele alitumia 40, anatoa kama 8,760, na sio 17,745 aliyoandikiwa. Ile 1,500 ni ya mwenye nyumba, kama mpangaji ndo kanunua umeme basi anarudishiwa kwenye kodi ya chumba.

Ila someni sabmita tarehe 1 ya kila mwezi. Ngazi ya 75 inaanza upya hapo, mkisoma tarehe 15 mnachanganya miezi miwili na hesabu yote hii haitakaa sawa na risiti.