Migebuka wa shughuli: oveni badala ya hotipoti

Kwa nini migebuka wa kukaanga wakifunikwa kwenye hotipoti wanalegea, ila kwenye oveni ya moto mdogo wanabaki wakavu na wa moto?

Ni mvuke. Mafuta ya karai hukausha ngozi tu. Nyama ya ndani inabaki na maji mengi, na samaki akishaopolewa maji hayo huendelea kutoka kama mvuke kwa muda mrefu. Kwenye hotipoti mvuke unagonga mfuniko, unageuka matone, unawadondokea tena. Fungua baada ya robo saa uone mfuniko ulivyolowa jasho. Oveni ina hewa ya moto iliyo kavu, inauchukua mvuke kabla haujailowesha ngozi.

Tuseme una shughuli Ujiji, vipande 64 vya migebuka walionunuliwa asubuhi mwaloni Kibirizi. Karai linabeba vipande 8 na kila mkupuo unachukua dakika 6. Hiyo ni mikupuo 8, kwa hiyo vipande vya kwanza vitasubiri zaidi ya dakika 40. Washa oveni kabla ya karai, nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi. Weka wavu wa waya juu ya trei, panga vipande visigusane wala kupandana. Ukivilaza moja kwa moja kwenye trei, upande wa chini unakaa kwenye mafuta na mvuke wake, unalainika hata kama juu pamekauka. Magazeti yanafanya hivyohivyo, kwa hiyo yaishie kwenye kuchuja mafuta kwa dakika moja tu.

Mimi huanza na vipande vinene vya kifuani, mikia naikaanga mwisho kabisa. Kipande kinene kina maji ya kutosha kuvumilia dakika 40. Mkia ukikaa muda huo nyama inakuwa nyuzinyuzi, na hapo hakuna mchuzi wa kuuokoa.

Wavu ukishajaa, acha mlango wazi kidogo, kiasi cha kupitisha mwiko, maana vipande 40 vinatoa mvuke mwingi. Pia inasaidia kama oveni yako haishuki chini ya 120. Chunguza kwa uma: kwaruza ngozi, ikilia kavu mambo yako sawa. Iking'aa unyevu, mvuke umekosa njia. Kingo zikianza kuwa nyeusi, moto umezidi na samaki bado anapikwa.

Usishushe moto hadi samaki wawe vuguvugu tu. Chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaliana, na chakula cha watu wengi hakifai kukaa hapo. Chipsi nazo hazidumu humo, baada ya dakika 20 zinakuwa ngumu kama ngozi.

Ndimu ikatwe na kupelekwa mezani kando. Ukiikamulia samaki kabla ya oveni, unailowesha ngozi uliyohangaika kuikausha.