Breka ya 32 kwenye waya wa 1.5: dhana potofu kuhusu unene wa nyaya za soketi

Dhana: Waya ukizidiwa, breka itakata.

Breka haijui waya uliounganishwa nayo una unene gani. Inachofuata ni namba iliyoandikwa usoni pake. Breka ya kawaida ya amperi 32 inaruhusiwa kubeba amperi 36 kwa saa nzima bila kukata. Ikiwa nyuma yake kuna waya wa 1.5 mm², ambao ukiwa ndani ya paipu ukutani uwezo wake ni takribani amperi 17.5, waya huo utaungua polepole huku breka ikiwa imetulia.

Chukua soketi za jikoni zenye umeme wa volti 230. Birika la wati 2,200 linavuta amperi 9.6, hita ya wati 2,000 inavuta 8.7, na pasi ya wati 1,800 inavuta 7.8. Vikiwashwa pamoja ni amperi 26. Kila mita ya waya wa 1.5 mm², ukihesabu laini na nyutro, ina ukinzani wa takribani omu 0.024. Joto linapatikana kwa kuzidisha mkondo kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani:

```
26 × 26 × 0.024 = wati 16 kwa kila mita
```

Kwa mita kumi hizo ni wati 160 zilizofichwa ukutani. Mzigo ungekuwa nusu yake, amperi 13, joto lingekuwa wati 4 tu kwa mita, yaani robo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Tena shaba ikipata moto ukinzani wake hupanda, nalo joto huzidi. Plastiki ya kawaida ya waya imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za Selsiasi. Ikizidishiwa mara kwa mara hukauka, hupasuka, na mwishowe laini na nyutro hugusana.

Dhana: Breka ikikatakata, weka kubwa zaidi.

Huu ndio ushauri wa hatari kuliko yote. Mpangilio sahihi ni huu: mzigo usizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya. Ndani ya paipu ukutani, 2.5 mm² hubeba takribani amperi 24, kwa hiyo breka yake ni ya 20. Waya wa 4 mm² hubeba takribani 32, na 6 mm² takribani 41. Kwa jikoni letu la amperi 26, ama utavuta 4 mm² kwa breka ya 32, ama utagawa mzigo katika sakiti mbili za 2.5 mm², kila moja na breka yake ya 20: birika na hita upande mmoja (amperi 18.3), pasi upande mwingine. Njia ya pili ni bora, kwa sababu hitilafu upande mmoja haizimi jiko zima.

Mafundi wengine watakuambia wameona 2.5 mm² ikifungwa kwa breka ya 32. Ni kweli, lakini ni kwenye sakiti ya mzunguko, ambamo waya hutoka kwenye breka, hupita soketi zote na kurudi palepale, hivyo mkondo una njia mbili. Mzunguko ukikatika mahali, soketi bado zinawaka lakini upande mmoja unaweza kubebeshwa mzigo wote. Fundi aupime kabla ya kuuamini.

Dhana: Unene ni ule ule popote waya ulipopita.

Namba hizo zote ni za sakiti moja ndani ya paipu, mazingira yakiwa nyuzi 30. Ukiingiza sakiti mbili kwenye paipu moja, zidisha uwezo kwa 0.8. Waya wa 2.5 mm² unashuka hadi amperi 19.2, na breka ya 20 tayari imeuzidi. Kwa hiyo zile sakiti mbili za jikoni zipewe paipu zake.

Dhana: Waya mnene kwa nje ni waya mkubwa.

Plastiki nene inaweza kuficha shaba nyembamba. Pima shaba yenyewe: waya wa uzi mmoja wa 1.5 mm² una kipenyo cha karibu milimita 1.4, na wa 2.5 mm² karibu 1.8. Kwangua pia kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, na uwezo wake ni mdogo.

Ukifungua soketi yenye harufu ya kuungua, zima swichi kuu na uhakikishe kwa kipimo. Plastiki ikiwa imeungua sentimita chache tu karibu na skrubu, tatizo ni muunganiko uliolegea. Ikiwa imekakamaa kwa urefu wote unaoonekana, hadi ndani ya paipu, basi waya wenyewe umezidiwa na unapaswa kubadilishwa. Nyumba yenye 1.5 mm² nzima kwenye soketi inaweza, wakati ikisubiri nyaya mpya, kufungiwa breka ya 16. Itakatika birika, hita na pasi vikiwashwa pamoja kwa muda, na ndivyo inavyotakiwa.