Kufifia kwa mwendo: hesabu ya mbio ndefu na muda wa ukomo

Mkimbiaji anayejiandaa kwa mbio za kilomita 80 kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kapchorwa, hupima mazoezini kwamba anakwenda dakika 8 kwa kilomita. Anazidisha, anapata saa 10 na dakika 40. Ukomo ni saa 14, basi anaona ana nafasi tele. Hesabu hiyo haifai, kwa sababu mwendo wa kilomita ya kumi si mwendo wa kilomita ya sabini. Misuli ya mapaja huumizwa hasa na miteremko, na mwili hutumia nguvu haraka kuliko tumbo linavyoweza kupokea chakula. Kupungua huku ndiko kufifia kwa mwendo.

Tuseme mbio zinaanza saa 12 kamili asubuhi, na kuna kituo cha huduma kila baada ya kilomita 20. Saa yetu inatusaidia sana hapa, maana saa 9 alasiri ni saa 9 za mbio. Panga vipande vinne: dakika 8 kwa kilomita, kisha 9, kisha 10 na nusu, kisha 12. Jumla ni dakika 790 za kutembea na kukimbia. Ongeza vituo: dakika 5 cha kwanza, 15 cha pili, 20 cha tatu. Unafika saa 1:50 usiku, umebakiza dakika 10 tu.

Sasa angalia kilomita ya 60, yenye ukomo wa saa 10 jioni. Unaingia saa 9:30, lakini unatoka saa 9:50. Soma kanuni za mbio kwa makini: ukomo ukiwa wa kutoka kituoni, akiba yako ni dakika 10, si 30. Na kwa kuwa huku karibu na ikweta jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni, kilomita kama sita za mwisho ni za gizani. Taa ya kichwani iwe mfukoni tangu asubuhi, na mwendo wa dakika 12 kwenye njia ya mawe gizani hauna hakika.

Ukichelewa dakika 10 kufika kilomita ya 40, usizichukulie kuwa ni 10 tu. Umesonga polepole kwa takriban asilimia 3, na ukiendelea hivyo nusu ya pili itakula dakika nyingine 13. Utafika saa 2:13, ukomo umepita. Wengi hujaribu kuongeza kasi, na ndipo miguu humalizika kabisa. Mimi ningepunguza vituo: dakika 5 cha pili na 5 cha tatu, chupa zijazwe, viazi viliwe ukitembea. Dakika 25 zinarudi, nawe unafika saa 1:48.