Kwa nini sikupi amoksilini ukija na mafua

Mimi ni mfamasia, niko duka la dawa kila siku, na ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Dokta nipe amoksilini, haya mafua yananimaliza." Nikisema hapana mtu anaona namnyima tu au nataka aende kutumia hela hospitali. Hapana jamani, ngoja nieleze hapa kwa kirefu.

Bakteria ni kiumbe kamili, mdogo sana lakini anajitegemea, ana seli yake, anatengeneza protini zake mwenyewe na amezungukwa na ukuta mgumu. Amoksilini inaziba kazi ya kuunganisha huo ukuta, kwa hiyo bakteria anakua huku ukuta haufungi, mwishowe presha ya ndani inampasua anakufa. Seli zetu sisi hazina ukuta wa namna ile ndo maana dawa inamuua yeye inatuacha sisi.

Kirusi hana ukuta huo. Yeye si seli kabisa, ni vinasaba tu vimefungwa kwenye ganda la protini, akiwa peke yake hali, hakui, hajigawi. Mafua mengi yanaletwa na rinovirusi, ambao wana aina zaidi ya 100, na anachofanya ni kuingia ndani ya seli za pua yako na kuzitumia kutengeneza nakala zake. Amoksilini ikifika hapo haina cha kushika.

Wengine wanasema basi nipe azuma, ile ni kali zaidi. Azithromaisini kweli haigusi ukuta, inaziba ribosomu, yani sehemu ya seli inayotengeneza protini, ila inaziba ribosomu za bakteria. Kirusi hana ribosomu, anatumia zako, na zako dawa haizigusi, zingeguswa ungeumia wewe kwanza. Kwa hiyo siyo suala la ukali wa dawa hata kidogo.

"Mbona mwaka jana nilikunywa nikapona?" Angalia siku. Mafua yanakuwa mabaya zaidi siku ya pili na ya tatu, halafu yanaanza kushuka yenyewe, wengi ndani ya siku 7 hadi 10 yameisha, kikohozi kinaweza kuburuta zaidi. Sasa watu wanakuja dukani lini? Siku ya tatu hiyo hiyo, wamechoka, wanameza dozi, siku ya tano wana nafuu, sifa inaenda kwa kidonge wakati kinga ya mwili ndo imefanya kazi yote. Dawa yenyewe imebaki kuharisha tumbo na kuua bakteria wazuri wa utumbo, wale sugu wanabaki wanazaana, na siku ukipata nimonia ya kweli unaikuta dawa haifanyi kazi.

Na kamasi kuwa kijani haimaanishi bakteria, naomba hili lishikwe. Chembe nyeupe za damu zinazokuja kupambana zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani, zikiwa nyingi kamasi linabadilika, hata kwa mafua ya kirusi.

Chukua mfano wa mama amekuja na mtoto wa miaka 3, mafua siku ya tatu, kamasi kijani, kakohoa usiku kucha, anataka amoksilini ya maji. Mimi siangalii kamasi, naangalia kifua. Mtoto atulie mapajani, asiwe analia, tunapandisha nguo na kuhesabu pumzi dakika nzima, siyo nusu dakika ukazidisha mara mbili maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Tukipata 28, na kifua chini ya mbavu hakibonyei ndani akivuta hewa, na anakunywa vizuri, hayo ni mafua. Anapewa parasetamo ya homa kulingana na uzito, matone ya maji ya chumvi puani, na asali kidogo ya kikohozi kwa sababu ameshapita mwaka mmoja (chini ya mwaka asali ni marufuku). Ingefika 40 au zaidi kwa umri huo, au 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, ni kituo cha afya leo leo, hapo nimonia inashukiwa na antibayotiki inatolewa, hata kama virusi nao wanaweza kuleta nimonia, maana kusubiri ni hatari.

Bakteria pia wanaweza kuja nyuma ya mafua. Mtu alikuwa anapata nafuu halafu homa inarudi kwa nguvu, sikio linauma au linatoa usaha, uso unauma upande mmoja, au mafua yamepita siku 10 bila dalili ya kushuka. Na koo likiuma sana na homa, tonsesi zina usaha, lakini hakuna kikohozi wala mafua, hiyo usinunue lozenji tu ukalala, nenda ukapimwe, kuna bakteria wa koo ambaye asipotibiwa kwa mtoto anaweza kuishia kuharibu vali za moyo, na huyo penisilini inamuua vizuri kabisa.