Orodha ya ukaguzi ya kituo cha mtihani ni nini?

Ni karatasi anayoifuata msimamizi mkuu tangu anapopokea bahasha za maswali hadi anapofunga bahasha za majibu. Kila mstari unajazwa idadi, saa na saini. Alama ya vema peke yake haitoshi, kwa sababu haisemi ni karatasi ngapi zilizoonekana wala nani aliyezihesabu.

Tuchukue mtihani wa majaribio wa Baiolojia, kidato cha nne, wenye watahiniwa 78: chumba A 40, chumba B 38. Kila chumba kimepewa nakala moja ya akiba, kwa hiyo bahasha ya A ina karatasi 41 na ya B 39, jumla 80.

Bahasha ikaguliwe ikiwa bado imefungwa. Soma somo, tarehe, saa na namba ya mtihani kwa sauti, mwenzako akifuatilia kwenye ratiba. Baiolojia ya nadharia ni 033/1 na ya vitendo ni 033/2A. Bahasha hufanana, na aliyekata isiyo yake ameshavujisha mtihani wa siku nyingine. Tazama lakiri na kingo zote, pamoja na upande wa chini, maana bahasha huweza kufunguliwa huko na kugundishwa tena. Ikiwa sawa, watahiniwa wawili washuhudie na kusaini, ndipo ikatwe kwa mkasi humo chumbani. Hesabu karatasi papo hapo, kabla ya kugawa. Upungufu ukigunduliwa baada ya kugawa, hakuna atakayejua kama karatasi haikuwekwa au imepotea.

Vifaa viwe mezani mapema: vijitabu vya majibu, karatasi za ziada, nyuzi za kufungia, mkasi, gundi, chaki na saa ya ukutani inayotembea. Msimamizi awe na mchoro wa ukaaji, orodha ya mahudhurio na fomu ya taarifa ya tukio. Nyuzi ndizo husahaulika zaidi, na karatasi ya ziada isiyofungwa huishia kwenye kijitabu cha mwingine.

Sasa tuseme watahiniwa 2 wa chumba A hawakufika. Karatasi zilizogawiwa A ni 38, zilizobaki 3. B zimegawiwa 38, imebaki 1. Zikijumlishwa ni 80 zilezile. Zikibaki 2 chumba A, moja imetoka, na mlango usifunguliwe kwanza.

Vijitabu navyo vihesabiwe watahiniwa wakiwa bado wamekaa, vikilinganishwa na saini za mahudhurio. Ukipata 37 badala ya 38, usianze kupekua mifuko. Kipekue kila kijitabu kwanza, kwani mara nyingi kimoja huwa kimejipenyeza ndani ya kingine wakati wa kukusanya. Kisha vipangwe kwa namba za watahiniwa, idadi iandikwe juu ya bahasha, na wasimamizi wote wawili wasaini kabla ya kuifunga.