Kinachokula umeme kidogo si lazima kichafue kidogo

Kikao kingine cha bodi ya shule kuhusu viyoyozi, sentensi ileile: “Mhandisi, VRF inakula umeme kidogo, basi ndiyo yenye kaboni kidogo.” Jamani, umeme ni sehemu tu ya hesabu.

Chukua shule ya vyumba 12 hapa Mombasa. Chaguo la kwanza ni VRF moja, yaani mfumo ambao mashine ya nje huhudumia vyumba vyote, yenye kilo 40 za gesi ya kupozea ya R-410A. La pili ni spliti 24, kila moja ikiwa na mashine yake ya nje na kilo 1.2 za gesi ya R-32. Nimekadiria VRF itatumia uniti 30,000 kwa mwaka, na spliti 34,000. Umeme wa Kenya kwa wingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hiyo nachukua kilo 0.1 ya kaboni kwa uniti. Kwa miaka 15, VRF inatoa tani 45 na spliti 51. Tofauti ni tani 6, na hapo ndipo bodi hufunga daftari.

Kaboni ya kutengeneza vyuma na shaba naikadiria kwa uzito uliomo kwenye katalogi: tani 10 kwa VRF, 6 kwa spliti. Lakini chumvi ya bahari hula mapezi ya mashine za nje, na spliti za bei rahisi hazifiki miaka 15 huku kwetu. Nazihesabu mara mbili, 12.

Sasa gesi, ambayo kila mtu huiruka kwa kuwa haimo kwenye bili wala haionekani ukutani. TM65, mwongozo wa wahandisi wa kuhesabu kaboni ya vifaa vya majengo, huuweka uvujaji wake upande wa kaboni ya vifaa. Kilo moja ya R-410A ikitoroka ni sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi. Ya R-32 ni 675. Tuseme asilimia 5 huvuja kila mwaka. VRF itapoteza kilo 2 kwa mwaka, yaani tani 63 kwa miaka 15. Spliti zote pamoja, tani 15. Jumla: VRF 118, spliti 78.

Hiyo asilimia 5 ndiyo inayonikosesha usingizi. Spliti 24 zina maungio mengi, na fundi asiyekaza nati vizuri anaweza kuifanya 10. Tena wapo wanaodai uniti ya ziada ihesabiwe kama ya jenereta za mafuta mazito za Kipevu. Hoja yao ina uzito. Nikiweka kilo 0.6, VRF inafika 343 na spliti 333; uvujaji wa spliti ukiwa asilimia 10, VRF inashinda.

Kwa hiyo shule ikiwa na mashine za zamani, kabla ya bili naomba risiti za kujaza gesi, kisha napapasa maungio. Palipo na utelezi wa mafuta, gesi inatoka. Na anayejaza kila likizo bila kutafuta tundu, huyo hatengenezi chochote.